Nyongeza ya Mshahara Isiishie Mdomoni

Tarehe 1 Mei 2025, siku ya wafanyakazi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza huko Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa serikali kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Wengi walisema, "Nimeongezwa laki na thelathini." Lakini fedha hiyo haifiki yote mkononi.

Tumchukulie mhudumu wa ofisi pale Musoma. Amepanga chumba Nyasho. Mke wake na watoto 3 wako Butiama, wanalima. Mshahara wa zamani ulikatwa mfuko wa pensheni, bima ya afya na kodi, akabaki na shilingi 333,880. Mshahara mpya ukikatwa vitu hivyo hivyo kwa viwango vya Julai 2025, anabaki na 443,600. Kwa hiyo nyongeza yake halisi ni shilingi 109,720. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, hupungua kidogo tena. Basi asome kwanza karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari, ndipo apange.

Sasa fedha hii hupotelea wapi? Mara nyingi haipotei kwa jambo kubwa. Zamani mhudumu wetu alikwenda kazini kwa miguu. Sasa anapanda bodaboda, shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 24 za kazi ni shilingi 48,000. Akiongeza soda na chapati ya shilingi 1,500 kila siku ya kazi, ni 36,000 nyingine. Jumla 84,000! Na hakuna mtu atakayemwita mlevi wala mfujaji.

Hapa kuna tofauti inayofaa kukumbukwa. Akinunua godoro zuri, analipa mara moja na mambo yamekwisha. Lakini akihamia chumba cha kodi kubwa, analipa kila mwezi, na kurudi nyuma ni aibu kwa majirani. Raha inayolipiwa kila siku au kila mwezi ndiyo inayoimeza nyongeza. Mimi sisemi mtu asijipe raha. Nasema achague ile yenye mwisho.

Mtego mwingine ni mkopo. Kwa kanuni, mtumishi anatakiwa abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Mshahara ukipanda, nafasi ya kukatwa nayo inapanda. Kwa mhudumu wetu, nyongeza inafungua nafasi ya makato mapya ya mkopo ya zaidi ya shilingi 66,000 kwa mwezi. Wakopeshaji wanalijua hilo, ndiyo maana simu zao huanza mapema. Akikubali mkopo wa miaka mitano ili anunue pikipiki ya kutembelea, sehemu kubwa ya nyongeza imekwisha kabla hajaishika. Ile mikopo watu wanayoiita kausha damu ni mbaya zaidi. Kama tayari anadaiwa huko, fungu la kwanza liende kulipa deni hilo, hata bati zisubiri.

Tuseme hana deni. Afanyeje? Kwanza akiri kwamba bei zimepanda. Kima cha chini kilikuwa hakijapandishwa tangu 2022. Kwa hiyo shilingi 20,000 ziende Butiama kwa sabuni, mafuta na daftari. Shilingi 55,000 ziende kwenye lengo moja, nyumba. Kwa miezi 12 ni 660,000. Tukisema bati moja ni shilingi 30,000, hizo ni bati 22. Shilingi 20,000 ni za raha: sato wa Jumapili, au kitenge cha mama watoto. Hizi asiulizwe. Zinazobaki, 14,720, ni za ugonjwa, msiba na ndugu. Ndugu watakuja, maana habari ya mshahara haifichiki Mara hii. Fungu likiisha aseme, "Ngojeni mwezi ujao, ndugu zangu."

Fungu la bati litoke siku ile ile mshahara unapoingia. Aandike agizo benki lihamishwe lenyewe, au alikatie kwenye SACCOS ya kazini. Akisubiri kuweka kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakitabaki kitu. Tena mke na mume wapange pamoja, kwa sababu mipango ya bati ikijulikana Nyasho tu, kule Butiama watafikiri fedha inaliwa mjini.

Baada ya miezi mitatu ajipime hivi: je, wiki ya mwisho ya mwezi bado anakopa unga dukani kama alivyokuwa akikopa kwenye mshahara wa 370,000? Kama anakopa, achukue daftari, aandike kila senti kwa siku 30, kisha atazame vile vya kila siku kwanza.