Gauni lililolazwa mezani halionyeshi umbo lake

Swali linaloletwa kwa mafundi wa Arua na Koboko karibu kila wiki ni lilelile. Mteja ana gauni la mtumba linalomkaa vizuri, la kitambaa cheusi au cha bluu iliyokolea, na amenunua kitenge kilichovuka mpaka kutoka Ariwara. Anataka gauni lilelile, umbo lilelile, kitambaa na rangi tu ndivyo vibadilike. Kisha anauliza: si nililaze tu juu ya kitenge, nizungushe chaki kwenye kingo zake, niache vidole viwili vya mshono, nikate? Wanafunzi wa cherehani huuliza hivyo pia, na wapo mafundi wazima wanaokata hivyo mpaka leo. Jibu ni hapana, na sababu zake zinastahili kuelezwa zote mara moja, kwa sababu vitenge vizuri vinaharibika bure na lawama inatupiwa cherehani, mwili wa mteja au kitambaa chenyewe.

Tuchukue gauni la kawaida la ofisini, la kitambaa kilichofumwa kisichovutika, lenye zipu mgongoni na mikono mifupi. Ndani yake kuna mikunjo iliyoshonwa: mmoja kila upande wa kifua, unaoanzia kwenye mshono wa ubavuni na kuishia karibu na titi, na mingine kiunoni, mbele na nyuma. Tuseme mkunjo wa kifuani umemeza sentimita 3. Maana yake ni kwamba kabla ya kushonwa, ubavu wa kipande cha mbele kutoka kwapani hadi kiunoni ulikuwa sentimita 24, ilhali wa nyuma ulikuwa 21. Mkunjo uliposhonwa, zile 3 za ziada zilijikusanya na kuwa nafasi ya kifua, na mbavu zote mbili zikalingana kwa 21. Anayezungusha chaki kwenye gauni lililokwisha kushonwa anaona 21 mbele na 21 nyuma. Zile sentimita 3 hazionekani kwenye ukingo wowote, na mkasi haukati kisichochorwa. Gauni jipya likivaliwa, kifua hakikubali kunyimwa nafasi, kwa hiyo kinaivuta kutoka mahali pengine: mistari ya kujikunja inatoka ubavuni kuelekea titini, kwapa linafumbuka, na pindo la mbele linapanda juu kuliko la nyuma. Ukiona dalili hizo tatu pamoja, usiendelee kupima kiuno. Tatizo limetoka kwenye meza ya kukatia.

Wanaotetea chaki husema kwamba kiuno angalau kinatoka sawa, na ukipitisha futi utakuta ni kweli. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kiuno cha gauni letu ni sentimita 72, yaani 18 kwa kila robo. Lakini robo ya nyuma haikukatwa 18. Ilikatwa 20 na nusu, kisha mkunjo wa kiunoni ukala 2 na nusu. Kama nyonga za robo hiyo ni 24, mshono wa ubavuni wa gauni asilia uliingia ndani sentimita 3 na nusu tu, na kazi iliyobaki ikafanywa na mkunjo katikati ya mgongo wa chini, pale mwili wenyewe unapoingia ndani. Aliyezungusha chaki amelazimika kuingiza zote 6 ubavuni. Futi inasoma 72 kwenye magauni yote mawili, lakini la kwanza linafuata mgongo, na la pili linaacha kitambaa kikijaa juu ya makalio huku nyonga zikichomoza pembeni kama vishikio vya chungu. Kipimo hakikubadilika, umbo limepotea. Anayetaka kujua kama gauni limenakiliwa vizuri alitazame likiwa limevaliwa, kwa ubavu na kwa nyuma, kwa sababu ukilitazama kwa mbele peke yake kosa hili linajificha.

Mikono nayo hupata hasara yake. Tundu la mkono upande wa mbele hukatwa likiingia ndani zaidi kuliko la nyuma, kwa kuwa mkono wa binadamu hufanya kazi mbele yake. Gauni likilazwa, matundu hayo mawili yanalala moja juu ya jingine na chaki inafuata lile lililotokeza nje tu. Nguo inayotoka hapo inabana mtu anaponyoosha mkono kushika usukani wa bodaboda, na dawa inayopendwa ni kupanua tundu kwa mkasi. Tafadhali usipanue. Tundu lililoshuka chini hunyanyua gauni zima kila mkono unapoinuka, na kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Kwa hiyo mistari ya kufuata ni ya mishono, kipande kwa kipande, pamoja na mwelekeo wa uzi ndani ya kila kipande. Geuza gauni ndani nje, tafuta uzi unaoshuka wima katikati ya kipande cha mbele, upigie bandi kwa uzi wa rangi nyingine. Tandika karatasi ya kaki juu ya blanketi lililokunjwa, chora juu yake mstari mmoja ulionyooka, na ulaze bandi yako juu ya mstari huo. Sasa chukua nusu moja tu ya kipande cha mbele, kinyooshe kwa kiganja bila kukivuta, na uchome pini kupitia mshono mpaka kwenye karatasi, kila sentimita 2 paliponyooka na kila sentimita 1 penye mviringo. Anzia kwenye pindo, panda hadi mguu wa chini wa mkunjo wa kifuani, halafu simama. Juu ya hapo kitambaa hakitakubali kulala, na usikilazimishe. Weka pini moja kwenye ncha ya mkunjo, achia sehemu ya juu, izungushe kwa kuifuata pini hiyo mpaka ilale yenyewe, kisha uendelee kuchoma. Uwazi uliobaki kwenye karatasi kati ya mguu wa chini na wa juu ndio mkunjo wenyewe. Upime kwenye ukingo wa ubavu. Kwa gauni letu unapaswa kuwa sentimita 3, na kama ni 1 na nusu, umepima upande mmoja wa mkunjo ukasahau kwamba kitambaa kimekunjwa mara mbili. Mikunjo ya kiunoni inafuata utaratibu huohuo. Ukimaliza, funga mikunjo ya karatasi na utembeze ubavu wa mbele juu ya ubavu wa nyuma, bega juu ya bega. Mistari inayoshonwa pamoja lazima ilingane kabla hujaongeza akiba ya mshono, ambayo ni sentimita 1 na nusu pengi na 2 na nusu ubavuni.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: basi fumua gauni, vipande vitajionyesha vyenyewe. Ni kweli, na gauni lililochakaa lisilovaliwa tena linafaa kufumuliwa. Lakini kipande kilichovaliwa miaka kimelegea pale kilipokatwa kwa mshazari, hasa shingoni na kwapani, na ukikilaza kinatoa mstari mrefu kuliko ulivyokuwa. Hata baada ya kufumua, linganisha kingo hizo na uzifupishe pale zinapozidi zinazoshonwa nazo. Isipokuwa bonge la mkono: hilo huachwa makusudi na sentimita 2 na nusu hadi 4 zaidi ya tundu lake ili bega lipate mviringo.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye magauni ya kitambaa cha kuvutika, ambayo mara nyingi hayana mkunjo wala zipu. Wanasema kwao ukingo unatosha. Hapo kosa linazidi. Weka alama mbili kwenye gauni, umbali wa sentimita 10, vuta taratibu. Zikifika 12, kitambaa kile hupanuka kwa sehemu moja ya tano, na kitenge cha pamba hakipanuki hivyo. Gauni lenye kifua cha sentimita 84 linavaliwa na mwanamke mwenye kifua cha 90 kwa sababu linavutika. Kwa kitenge anahitaji kama 96 ili apumue na kukaa. Tofauti ni 12, yaani 3 kwa kila robo, na haipaswi kumwagwa yote ubavuni kwa ulalo ulionyooka: kifua kinataka mkunjo ambao gauni asilia halikuuhitaji, na mgongo au ubavu unataka zipu. Mteja atasema mistari imehama, hivyo gauni si lile. Lakini macho yanatazama mahali kiuno kinapoanza, upana wa bega ukilinganishwa na nyonga, na pindo linapokatia mguu. Hivyo vikibaki mahali pake juu ya mwili, umbo limebaki, na mistari ya karatasi imehama kwa ajili hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo chaki wala pini haviwezi kunakili. Kitenge kipya kina ukakamavu wa dawa ya kiwandani, na sketi pana inayosimama vizuri siku ya kwanza inaweza kuporomoka baada ya kufuliwa. Pia pamba hurudi. Chora mraba wa sentimita 50 kwenye kona ya kitenge, kifue chote, kianike, kipige pasi, upime mraba tena. Ukikuta 48 kwa urefu, gauni la sentimita 100 lililokatwa kabla ya kufua litapoteza 4. Kufua kwa kawaida kunatosha, na kukata kuje baadaye.

Haya basi, upesi. Gauni zuri unalolipenda: pini na karatasi, usilifumue. Lililochakaa: fumua, kisha rekebisha mshazari. La kuvutika: chukua mahali pa kiuno, bega na pindo tu, vipimo vingine pima mwilini. Gauni la asili zito na kitenge chepesi: weka bitana kwenye sketi. Kitenge kizito na gauni la asili laini linaloanguka: chagua kitambaa kingine, hakuna mkato utakaokilainisha. Vitenge vingi vina upana wa sentimita 115 hivi, na kama gauni lilikatwa kwenye kitambaa cha 150, panga karatasi zote mezani kabla ya kununua, la sivyo utaongeza mshono katikati ya sketi. Maua makubwa yanayoelekea upande mmoja yanataka yadi moja zaidi, na ua lianzie katikati ya mbele. Ukiwa na shaka, shona kwanza kiwiliwili kwa marekani, bila mikono, mvalishe mteja, tazama ubavu. Hamisha kila badiliko kwenye karatasi kabla ya kugusa kitenge, andika juu yake tarehe na kipimo cha kifua, na uitunze kwa ajili ya kitenge kitakachofuata.