Namna ya Kutunga Fumbo la Nonogramu Lenye Jibu Moja

Nonogramu ni fumbo la miraba ambalo jibu lake ni picha. Pembeni mwa kila safu mlalo, na juu ya kila safu wima, huandikwa namba zinazoonyesha urefu wa mafungu ya miraba myeusi. Namba "1 3" zina maana ya mraba mmoja mweusi, kisha pengo la mraba mweupe mmoja au zaidi, kisha miraba mitatu iliyoshikana. Mafumbo haya yalizuka Japani mwaka 1987, yakibuniwa na Non Ishida na Tetsuya Nishio, kila mmoja kwa upande wake. Jina lilitokana na Ishida, na gazeti la Sunday Telegraph la Uingereza lilianza kuyachapa mwaka 1990.

Mjazaji hutoka kwenye namba kuelekea picha, ilhali mtungaji huenda kinyume. Huchora kwanza, kisha huhesabu. Huu hapa ni mchoro wa mashua yenye tanga, na ndege wawili kushoto kwake. Alama ya # ni mraba mweusi.

```
# . . # . .
. . . # # .
. # . # # #
. . . # . .
# # # # # #
. # # # # .
```

Safu mlalo, kuanzia juu, zinatoa namba 1 1, 2, 1 3, 1, 6 na 4. Safu wima, kuanzia kushoto, zinatoa 1 1, 1 2, 2, 6, 2 2 na 1 1. Picha inapendeza, lakini fumbo lina kasoro ambayo jicho haliioni kwa urahisi, maana aliyechora anaijua picha na huona mashua yake tu kila anapoitazama.

Kwa hiyo mchoro hufichwa, na fumbo hujazwa kwa namba peke yake. Safu mlalo ya tano na safu wima ya nne zina namba 6, basi zote mbili hujaa mara moja. Safu mlalo ya nne inataka mraba mmoja tu, nao tayari ni mlingoti, kwa hiyo mingine huachwa wazi. Safu wima za pembeni zina 1 1. Kwa kuwa mraba wa tano umejaa, wa sita chini yake hauwezi kujaa, na hapo namba 4 ya safu ya chini haina pa kukaa ila katikati. Tanga nalo hujitokeza hatua kwa hatua, hadi ibaki miraba minne tu: ya safu mlalo ya kwanza na ya tatu, katika safu wima ya kwanza na ya pili.

Hapo mjazaji hukwama. Ndege wa juu anaweza kukaa safu wima ya kwanza na wa chini ya pili, au wakabadilishana, na namba zote zikabaki zilezile. Fumbo lina majibu mawili. Kasoro hii ndiyo ya kuogopwa zaidi: miraba miwili myeusi iliyokaa mshazari, ambayo ikihamia pembe za upande wa pili hakuna namba inayobadilika. Hupenda kujificha kwenye nyota, macho, matone ya mvua na vitu vingine vidogo vilivyojitenga. Michoro yenye weusi mchache huathirika zaidi, kwa sababu namba ndogo zina nafasi nyingi za kuhamahama.

Kwa mashua hii kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kumsogeza ndege wa chini hadi safu wima ya kwanza. Namba za safu hiyo huwa 1 1 1, na kwa kuwa mraba wa tano umeshajaa, hizo mbili za juu haziwezi kukaa ila mraba wa kwanza na wa tatu. Jibu linakuwa moja, lakini ndege waliopangwa wima huonekana kama vitone vya nguzo, na mjazaji huwapata mapema mno. Tiba ya pili ni kumfuta ndege wa chini. Safu mlalo ya tatu inabaki na 3, safu wima ya pili inabaki na 2, na aliyebaki hawezi kukaa popote ila pembe ya juu. Ili kumpata, mjazaji hulazimika kuangalia kwamba safu mlalo ya pili na ya tatu hazina nafasi yake. Hii ndiyo tiba bora: picha ni safi, na miraba 18 kati ya 36 ni myeusi.

Michoro mikubwa hupimwa kwa kompyuta. Programu huorodhesha mipangilio yote inayowezekana katika safu moja, kisha hujaza mraba ulio mweusi katika mipangilio yote. Namba 4 katika miraba 6, kwa mfano, lazima ifunike wa tatu na wa nne. Ikifika mwisho kwa njia hiyo, jibu ni moja. Ikikwama, hujaribu mraba mmoja kwa weusi na kwa weupe, na haikomi kwenye jibu la kwanza bali huendelea kutafuta la pili. Fumbo lenye jibu moja linaloweza kufikiwa kwa kubahatisha tu ni sahihi kwa hesabu, lakini lafaa lirudishwe mezani.