Kampuni ya mwana ikikosa, mama hulipa lini?

Msomaji wangu, huku kwetu kampuni nyingi kubwa tunazoziona zina mama yao ng'ambo. Tanzu imesajiliwa Nairobi, mama yuko London au Mumbai. Ikitokea tanzu imemwaga sumu mtoni au imefilisika na madeni ya watu, swali la kwanza huwa hili: mwenye mali si yule mama? Kwa nini asilipe yeye?

Sheria huanza kwa kumkatalia mlalamishi. Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, ambayo mahakama zetu pia huifuata, kila kampuni ni mtu wa kisheria peke yake. Ina mali yake na madeni yake. Mama ni mwenye hisa tu, na akipoteza hupoteza alichoweka. Kumiliki hisa zote hakumfanyi mdaiwa.

Kwa upande wa madeni, mlango ulioachwa ni mwembamba. Mama hulipa akiwa alitia saini dhamana, au ikithibitishwa kwamba kampuni ilitumiwa kwa hila kuwakwepa wanaodai. Kwa hivyo wewe unayeuzia tanzu samaki au simiti kwa mkopo, tazama ni jina la nani lililo kwenye oda. Nembo ya kundi lililoko ng'ambo iliyochapwa juu ya karatasi si dhamana. Dhamana ni hati yenye saini ya mama mwenyewe, na huombwa kabla mzigo haujatoka.

Kwa upande wa madhara, mambo ni tofauti. Hapa mama hashtakiwi kwa kosa la mwanawe. Hushtakiwa kwa lile alilofanya yeye mwenyewe. Kesi mbili zinaonyesha vizuri, na moja ni ya hapa kwetu.

Baada ya uchaguzi wa 2007, watu wenye silaha walivamia shamba la majani chai la Unilever kule Kericho. Wafanyakazi na wakaazi 218 walikwenda mahakamani Uingereza wakisema kampuni ilipaswa kuiona hatari hiyo na kuwalinda, na kwamba mama alikuwa na jukumu pamoja na tanzu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko ilikataa kesi hiyo isiendelee dhidi ya mama. Sababu ni kwamba ushahidi ulionyesha mameneja wa Kenya ndio waliopanga na kusimamia wenyewe namna ya kukabiliana na dharura. Mama hakuwa amechukua kazi hiyo mikononi mwake, wala hakuwa amewaelekeza namna ya kuishughulikia hatari ile.

Sasa tazama Zambia. Wakaazi 1,826 wa Chingola walidai kuwa maji machafu ya mgodi wa shaba wa Nchanga yameharibu mito yao na mashamba yao. Mgodi ni wa kampuni ya KCM, na mama alikuwa Vedanta, London. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi isikizwe dhidi ya mama pia. Kilichombana ni maneno yake mwenyewe. Katika ripoti aliyoichapisha alisema usimamizi wa tanzu zote uko kwa bodi yake, na akayataja matatizo ya maji ya KCM. Kulikuwa pia na mkataba wa kuipa KCM huduma za usimamizi.

Mahakama iliongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Sera iliyoandikwa tu huenda isimfunge mama. Lakini akituma watu wa kuifundisha na kuisimamia, jukumu laweza kumshika. Na akitangaza hadharani kwamba anasimamia, laweza kumshika hata kama kwa kweli hakusimamia chochote.

Tusizidishe maana yake. Mahakama haikusema Vedanta ina hatia. Ilisema kesi ina mashiko ya kusikizwa. Mwaka 2021 pande hizo zilielewana nje ya mahakama, na kampuni haikukiri kosa. Tena hukumu za Uingereza hazimfungi jaji wa Kenya, ingawa huweza kumshawishi.

Basi jamii yenye malalamiko isitumie nguvu zake zote kuthibitisha nani anamiliki nani. Hilo halikanushwi, na peke yake halileti kitu. Itafute ripoti za mwaka za mama, sera alizozisambaza, na mikataba ya usimamizi. Itafute nani aliyekuja kukagua, alikuja lini na aliagiza nini. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, lakini mbele ya jaji itabidi uonyeshe kwamba mama alikuwa akimlea kweli, na katika jambo hilo hilo lililokuumiza.