Kope Inayotobolewa na Jicho

Mhusika wa gemu akipepesa macho, itazame kope yake ikiwa katikati ya safari. Weupe wa jicho ukichomoza kupitia ngozi, huenda uso huo umeundwa kwa maumbo ya kuchanganywa.

Uso wa kidijitali ni wavu wa nukta elfu kadhaa. Kwa njia ya maumbo, msanii huchonga nakala ya uso huo ukiwa umefumba macho, na kompyuta huhifadhi umbali ambao kila nukta imehama. Gemu ikitaka jicho lifumbe nusu, huchukua nusu ya umbali huo. Hapo kila nukta husafiri kwa mstari mnyoofu, ilhali kope halisi huteleza juu ya tufe. Chukua jicho lenye nusukipenyo cha milimita 12, na kope iliyo milimita 13 kutoka kitovu chake. Ikishuka nyuzi 60, katikati ya safari itakuwa milimita 11.3 tu kutoka kitovuni: imezama ndani ya jicho. Tiba ni kuchonga umbo la pili, la jicho lililofumba nusu.

Kwa viungo, kiungo cha kope huwekwa kwenye kitovu cha jicho, kisha huzungushwa. Ukingo wa kope hupewa uzito wa 1 na hufuata tao kamili. Uzito hupungua polepole hadi 0 chini ya nyusi, na hapo pana mtego: ngozi yenye uzito wa 0.5 huwekwa katikati ya mahali pawili, kwa hiyo nayo huzama jicho likifumba kabisa. Mimi huongeza kiungo kingine kinachozunguka nusu ya kile cha kwanza, nacho huibeba sehemu hiyo.

Mdomoni mambo hugeuka. Pembe ya mdomo huvutwa na taya, mdomo wa juu, mdomo wa chini, shavu na kichwa, lakini gemu nyingi, hasa za simu, huruhusu viungo vinne tu kwa kila nukta. Wa tano hutupwa. Dalili yake ni tabasamu lililo sawa kwenye programu ya kuundia lakini likachongoka pembeni ndani ya gemu. Midomo iliyobinuliwa kupiga mluzi, pamoja na mikunjo yake, ni afadhali ichongwe kama umbo.

Kumbukumbu nayo ina usemi. Nukta 4,000, maumbo 50 na baiti 12 kwa kila nukta hufikia megabaiti 2.4 kwa uso mmoja, kabla ya kubanwa. Kijiji chenye sura 20 tofauti kitahitaji 48. Viungo vyenye majina na mpangilio uleule huweza kutumia mienendo ileile kwenye vichwa vyote, kwa marekebisho machache. Kwa gemu ya simu yenye watu wengi, ningechagua viungo. Kwa shujaa mmoja anayelia karibu na kamera, taya na macho ningeviachia viungo, kisha niweke juu yake maumbo machache ya midomo na mashavu.