Nusu kwa Nusu: Haki Imetimia, Faida Imepotea

Katika mabaraza ya mirathi kuna neno moja ambalo hunyamazisha kila mzozo: nusu kwa nusu. Likishatamkwa, wazee hushusha pumzi, dua husomwa, na kila mtu hurejea kwake akiamini kuwa shughuli imekwisha. Mara nyingi haki kweli huwa imetimia. Ila haki kutimia ni jambo moja, na wenye haki kupata manufaa yote waliyoweza kupata ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa dada wawili wenye asili ya pwani, ambao wazee wao walihamia Thika zamani. Baba amefariki, akaacha mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, wala hakuacha mke. Kwa hesabu ya farazi, kaka ana nusu ya tarika na kila dada ana robo. Kaka ameridhia kuchukua duka, nalo limetosha fungu lake. Dada wamebakiwa na vitu viwili vya thamani sawa, shilingi milioni 3 kila kimoja. Cha kwanza ni vyumba 6 vya kupangisha vilivyo Makongeni, Thika, kila chumba kwa kodi ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Cha pili ni kiwanja kitupu cha futi 50 kwa 100 kilichoko Ruiru.

Wakakubaliana wagawane kila kitu katikati. Kila mmoja akapata vyumba 3 na nusu ya kiwanja, yaani mali ya shilingi milioni 3. Hakuna aliyedhulumiwa.

Hebu sasa tuwatazame wenyewe. Dada mkubwa ni mjane anayeishi Makongeni. Vyumba huvifikia kwa miguu, wapangaji anawajua, na karo ya watoto hungoja kodi ya kila mwisho wa mwezi. Nusu ya kiwanja cha Ruiru haimpi hata senti moja. Dada mdogo ameajiriwa Nairobi, amepanga huko, na anatamani kujenga nyumba yake Ruiru, mahali ambapo barabara kuu ya Thika humfikisha kazini kila siku. Kipande cha futi 25 kwa 100 ni chembamba mno kwa nyumba anayoitaka. Vyumba vyake vitatu navyo vinamlazimu kumlipa wakala wa kukusanya kodi na kuitikia simu za bomba lililopasuka.

Laiti mkubwa angelichukua vyumba vyote na mdogo kiwanja kizima, fungu la kila mmoja lingelibaki milioni 3 ile ile. Mkubwa angelipata kodi ya 30,000 badala ya 15,000, na mdogo angelipata mahali pa kujenga. Hakuna ambaye angelipunjwa hata shilingi.

Wataalamu wa elimu ya mapatano hulipima jambo hili kwa njia nyepesi. Kila mmoja hupewa alama 100 azigawe baina ya vitu viwili kwa kadiri anavyovihitaji. Tuseme mkubwa ameweka 70 kwa vyumba na 30 kwa kiwanja, na mdogo 35 kwa vyumba na 65 kwa kiwanja. Mgawo wa nusu kwa nusu unampa kila mmoja alama 50. Mgawo wa pili unampa mkubwa 70 na mdogo 65. Wote wawili wamepanda.

Je, waweza kupanda zaidi? Tujaribu kuhamisha chumba kimoja kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mkubwa atashuka hadi alama 58 hivi, na mdogo atapanda hadi 71 hivi. Hapa kuna tofauti ya msingi: sasa mmoja hawezi kuongeza bila mwenzake kupunguza. Wamefika kwenye mpaka wa manufaa, fikra ambayo asili yake ni mwanauchumi wa Kitaliano Vilfredo Pareto, aliyefariki mwaka 1923. Mgawo ulio ndani ya mpaka una nafasi ya wote kuongezewa. Ulio juu ya mpaka hauna. Nusu kwa nusu ya dada zetu ilikuwa ndani, mbali na mpaka.

Na hapa nataka tusikilizane vizuri, kwani ndipo wengi wanapoteleza. Mpaka huo haujui uadilifu. Kumpa dada mkubwa kila kitu na kumwacha mdogo mikono mitupu nako ni juu ya mpaka, kwa sababu huwezi kumwongezea mdogo bila kumpunguzia mkubwa. Kwa hiyo farazi ndiyo itangulie kuthibitisha ukubwa wa fungu, kisha ndipo tutafute ni vitu gani vilijaze fungu hilo. Fiqhi inao mlango wa jambo hili, nao ni takharuj: warithi kuridhiana kwamba mmoja atoke katika kitu fulani cha tarika kwa badali maalumu. Imepokewa kwamba mmoja wa wajane wa Abdurrahman bin Auf, sahaba aliyeacha wake wanne, alisuluhishwa kwa mali juu ya fungu lake. Inasikitisha kwamba mlango huo huo hutumiwa kuwatoa wanawake katika haki yao kwa maneno ya "wasamehe kaka zako, undugu usivunjike." Mwanamke asiyeambiwa thamani ya anachokiacha hajaridhia, amenyamazishwa.

Mbona basi dada wawili wanaopendana hawakuuona mgawo bora? Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna aliyeulizwa anahitaji nini. Waliulizwa tu kama wameridhika. Sababu ya pili ni hofu. Mdogo akisema wazi kuwa roho yake iko Ruiru, anachelea kuambiwa, "Basi ongeza pesa juu." Kwa hiyo anajifanya anavipenda vyumba pia. Mkubwa naye anajifanya anakitamani kiwanja. Wote wawili wakificha, pa kukutana panabaki katikati tu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: watu wenye mahitaji tofauti wametoka barazani wakiwa wamebeba mchanganyiko ule ule wa mali, na kila kitu kimekatwa vipande.

Howard Raiffa, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Harvard, alipendekeza mwaka 1985 dawa ya hofu hiyo, ambayo tunaweza kuiita suluhu baada ya suluhu. Wahusika kwanza huafikiana, kisha humwendea mtu wa kati wanayemwamini. Kila mmoja humweleza kwa siri anachokithamini, naye hutafuta mapatano mengine yatakayomfaa kila mmoja kuliko yale ya mwanzo. Akiyapata, huyaleta, mmoja akikataa, yale ya mwanzo yanabaki kama yalivyo. Kwa kuwa hakuna awezaye kutoka na pungufu ya alichokwisha kukipata, hofu ya kusema kweli hupungua, ingawa haiishi kabisa.

Kwa dada zetu, mtu wa kati anaweza kuwa shangazi au mzee wa msikiti. Kazi yake ifanyike mapema, kabla hati za ardhi hazijagawanywa, maana kiwanja kikishakatwa vipande viwili, kukiunganisha tena ni gharama na safari nyingi za ofisi ya ardhi. Na asiishie kwenye vitu viwili vilivyotajwa. Amwulize mdogo ataanza lini kujenga. Akijibu kuwa ni baada ya miaka miwili, mkubwa anaweza kupanda sukuma wiki kiwanjani kwa muda huo, na mdogo akapata mtu wa kumlindia mipaka bila malipo.