Mstari Unaowachanganya Wengi Benki

Fomu ya kuweka fedha benki haina maneno mengi. Jina la akaunti ni la atakayepokea fedha. Mweka fedha ni wewe uliyesimama dirishani. Wengi hubadilisha hayo mawili. Sehemu iliyoandikwa "Kwa matumizi ya benki tu" iache wazi, ni ya karani.

Ugumu uko kwenye mistari miwili ya kiasi. "Kiasi kwa tarakimu" ni namba: 105,000. "Kiasi kwa maneno" ni namba hiyohiyo kwa herufi, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Ukiandika "elfu mia moja na tano", mmoja atasoma 105,000, mwingine 100,005, kwa kuwa neno "elfu" limetangulia na halionyeshi linaishia wapi. Andika "laki moja na elfu tano", na utata unakwisha. Kama ni 100,005, andika "laki moja na shilingi tano".

Malizia kwa neno "tu", kisha piga mstari hadi mwisho wa nafasi ili mtu asiongeze neno. Karani akiona maneno na tarakimu havilingani, hukurudishia fomu uandike upya.

Kabla ya kuondoka, soma nakala yako: namba ya akaunti, kiasi, tarehe na muhuri. Nakala isiyo na muhuri wala chapa ya benki haithibitishi kwamba fedha zimepokewa.