Ufa wa Dari ya Jipsamu Huanzia Kwenye Fremu

Dari ya jipsamu ikipasuka, hupasuka kwa mstari ulionyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Mstari huo ni kiungio cha bodi mbili. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi huja na poda yake, huuziba, hupaka rangi na kuondoka. Masika yakija na kupita, ufa umerudi palepale. Sababu haiko kwenye poda. Aghalabu iko juu yake, kwenye mbao au chuma kilichobeba bodi, au ndani ya kiungio chenyewe kilichojazwa bila kushonwa.

Bodi yenyewe ni jiwe la jipsamu lililosagwa, likapikwa, kisha likarudishiwa maji na kugandishwa katikati ya karatasi mbili nene. Jiwe hilo Tanzania tunalo. Huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na upande wa Kilwa. Lina nguvu likisukumwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Karatasi ndiyo inayostahimili kuvutwa. Popote karatasi ilipokoma, yaani kwenye kila kiungio, bodi haina cha kuishika mpaka fundi aweke cha kushika.

Tuchukue chumba cha kulala cha kawaida Dar es Salaam, mita 3.6 kwa 4.2, chini ya paa la bati. Bodi zinazouzwa ni mita 1.2 kwa 2.4, na kwa dari hutumika za milimita 9 au 12. Kabla hata ya kununua, fundi makini huamua bodi zilale upande gani. Hapa tuzilaze urefu wake ufuate ule upande wa mita 3.6. Mbao za fremu zitakwenda kinyume chake, zikiufuata upande wa mita 4.2, kila moja ikiwa sentimita 40 kutoka katikati ya mwenzake. Mita 3.6 ukiigawa kwa sentimita 40 unapata nafasi 9, kwa hiyo mbao ni 10 pamoja na zile mbili za ukutani. Urefu wa bodi, mita 2.4, ni nafasi 6 kamili, na nusu bodi ni nafasi 3. Maana yake kila mwisho wa bodi utaangukia katikati ya ubao na si hewani.

Sasa tupange. Safu ya kwanza iwe bodi nzima kisha nusu. Ya pili ianze na nusu ndipo ifuate nzima, na ya tatu irudie mpango wa kwanza. Kwa njia hiyo viungio vya miisho havitapangana mstari mmoja. Vikipangana, dari nzima ina mshono mmoja mrefu unaosubiri kufunguka. Safu hizo tatu zinakula mita 3.6 za upana, zinabaki sentimita 60. Hapo bodi moja hupasuliwa kwa urefu, vipande viwili vya sentimita 60, kimoja kitumike chote na cha pili kikatwe. Ule upande uliokatwa uelekee ukutani ambako kornishi itaufunika, na ule wa kiwandani uelekee kwenye kiungio. Jumla ni bodi 6, na nusu bodi inabaki akiba.

Kuta zetu haziko sawa kiasi hicho, bila shaka. Chumba cha mita 3.6 kwenye ramani huwa na mita 3.57 huku na 3.6 kule baada ya plasta. Basi anza kupima upande mmoja, na tofauti yote iangukie kwenye nafasi ya mwisho, isisogeze mbao za katikati.

Fremu ya mbao kwa kawaida ni mbili kwa mbili, ikipigwa chini ya kenchi. Hapa ndipo fedha ya mwenye nyumba hupotelea, kwa sababu mbao nyingi sokoni huuzwa zikiwa bado na maji. Chini ya bati la mchana hukauka, husinyaa na kujipinda. Ubao ukisinyaa, bodi haipandi nayo. Inabaki ilipo, na kati yao unatokea mwanya. Mtu akitembea juu ya kenchi au upepo ukilitikisa paa, bodi hucheza juu ya skrubu, na kichwa cha skrubu hutokeza chini kama kipele. Dawa ni kununua mbao mapema, kuzipanga kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na kuziacha chini ya kivuli mpaka zikauke. Na ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Ubao uliojipinda usitiwe kwenye dari kwa matumaini kwamba misumari itaunyoosha.

Jambo la pili ni umbali kati ya kenchi. Mbili kwa mbili inayopita mita 1.2 bila kushikwa huanza kuning'inia katikati, na ikishabebeshwa bodi huning'inia zaidi. Bodi ya milimita 12 hukaribia kilo 25. Kenchi zikiwa mbali, ongeza mti wa kubebea juu yake au vipande vya kuning'inizia. Kisha vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya kila ubao, upime kwa leza au mpira wa maji. Panapoachia, chomeka kipande cha kabari. Kazi hii ya uzi hupuuzwa kwa sababu haionekani ikiisha, ilhali hakuna poda itakayonyoosha fremu iliyoinama.

Chuma chepesi huondoa matatizo ya unyevu na mchwa. Chaneli kubwa hutundikwa kwenye kenchi kwa waya au vibanio, kila moja mita 1.2 kutoka nyingine, kisha chaneli ndogo hubanwa chini yake kwa sentimita 40 zilezile, na pembe ya bati huzunguka ukutani. Kwa nyumba ya pwani ningechagua chuma, hasa kwa mtu ambaye hana muda wa kukausha mbao. Lakini chuma nacho kina sharti: waya wa kutundikia usilegee. Waya uliolegea huacha chaneli icheze, na dari inayocheza hupasuka hata kama chuma hakiozi.

Kufunga bodi kunahitaji watu wawili na mti wenye umbo la T wa kuisukumia juu. Bodi ikandamizwe kwenye fremu kabla ya skrubu kuingia. Skrubu si kazi yake kuivuta. Anza katikati ya bodi kwenda kingoni, ili isijikunje. Kwenye mbao tumia skrubu za nyuzi pana za milimita 35 au zaidi kidogo, kwenye chuma za nyuzi laini za milimita 25. Ziachane kama sentimita 20 katikati na sentimita 15 kwenye miisho, na zisikaribie ukingo chini ya sentimita moja. Ukingo uliokatwa uachiwe kidogo zaidi. Kichwa kizame kiasi cha kubonyeza karatasi bila kuichana. Skrubu iliyochana karatasi haishiki kitu. Weka nyingine pembeni yake.

Tumefika kwenye kiungio. Ukiipapasa bodi, utahisi kwamba kingo zake ndefu zimebonyea kidogo. Bodi mbili zikikutana hapo hufanya bonde jembamba, na bonde hilo limeachwa makusudi ili tepu na poda zikae ndani bila kuvimba. Miisho mifupi haina bonde. Kwa hiyo kazi yake ni tofauti: karatasi iliyojitokeza kwenye mkato ipunguzwe kwa kisu, na poda ipanuliwe sana pande zote ili jicho lisione mwinuko.

Mwanya unaozidi milimita 3 ujazwe kwanza na uachwe ugande. Kisha tandaza poda iliyokorogwa, upana wa skrepa, laza tepu katikati, uikandamize mpaka poda itokee pembeni bila kukauka chini yake. Tepu ya karatasi ndiyo yenye nguvu zaidi. Tepu ya nyavu yenye gundi ni rahisi kubandika, lakini inafaa kwa poda inayoganda yenyewe, si kwa ile laini ya ndoo inayokauka kwa hewa, ambayo peke yake haina nguvu ya kuishikilia. Fundi anayejaza poda bila tepu yoyote ameacha jiwe tupu lishike bodi mbili zinazosogea. Halitaweza.

Poda inayoganda hukorogwa kwa kunyunyiziwa ndani ya maji, na si maji juu ya poda. Changanya kiasi cha kumaliza kabla haijaanza kukaza. Ikishaanza, usiiongeze maji ili ilainike. Fuwele zake zimekwisha kushikana, na ukizivunja hazishikani tena vizuri. Ndoo chafu pia huigandisha mapema, kwani mabaki makavu huchochea fuwele mpya.

Koti la pili lipite tepu mpaka upana wa sentimita 20, la tatu sentimita 30. Kwenye miisho isiyo na bonde fika sentimita 50 au 60. Kila koti likauke kabla ya lingine. Pwani wakati wa masika hilo laweza kuchukua siku nzima au zaidi, na ndiyo sababu dari iliyomalizwa kwa haraka ya mvua hupasuka kiangazi. Msasa uwe laini, upite kwenye poda tu. Ukiikwaruza karatasi, itasimama manyoya na kuonekana chini ya rangi. Usiku, zima taa na ulaze mwanga wa tochi kando ya dari. Kila mwinuko utatupa kivuli. Paka koti la kwanza la kuzibia vinyweleo kabla ya rangi, maana karatasi na poda hunywa rangi kwa kiasi tofauti, na bila hilo viungio huonekana kama mikanda hata vikiwa laini kabisa.

Kwa dari ambayo tayari imepasuka, weka kidole juu ya ufa. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, fremu imeshuka, na lazima mtu apande juu kuikaza kabla ya jambo jingine. Pande zote zikiwa sawa, kwangua kiungio. Usipokuta tepu, au ukaikuta inabanduka kwa urahisi, ondoa yote, kaza skrubu pande zote mbili, na uanze upya kwa tepu ya karatasi. Kipele cha skrubu usikipige msasa. Kandamiza bodi juu, ingiza skrubu mpya sentimita 4 au 5 kando yake, itoe ya zamani, ndipo ujaze shimo.